Mkufu wa Lulu Niliouvaa kwa Siri

Mkufu ule una punje hamsini na tatu. Najua kwa sababu nimeifuta kila punje kwa kidole changu mwenyewe, kila jioni, siku kumi na mbili, na mtoto mgongoni. Mpaka leo nikifumba macho nazihesabu.

Ulikuja ukooni kwa mume wangu kabla ya vita hivi vilivyokwisha juzi. Shangazi yake alikuwa yaya nyumbani kwa mmisionari mmoja, akalea watoto watatu wa kizungu hadi walipopelekwa kwao kusoma. Alipoolewa, mama wa watoto wale akauvua mkufu shingoni mwake akamvisha. Basi. Tangu siku hiyo kila msichana aliyeolewa katika ukoo, awe anaingia au anatoka, aliingia kanisani na mkufu ule. Na shangazi akautungia sheria. Bibi harusi huuvaa siku moja tu. Kisha anautunza ndani ya kopo lake, na haruhusiwi kuuvaa tena, mpaka harusi nyingine itakapokuja. Siku hiyo wanawake wazima hukaa chumbani, wanaushika mkufu dirishani, wanautazama. Ukiwa unang'aa, aliyeutunza ametunza na ndoa. Ukiwa umefifia, kuna kitu.

Usicheke. Aliyeutunza kabla yangu alikuwa mke wa mdogo wa baba mkwe. Siku yangu ya harusi walisema umefifia kidogo, kidogo tu, upande wa nyuma. Hakuna aliyemshtaki. Hakuna aliyempiga. Ila bombani walianza kumpisha kama mgonjwa, kwenye vikao vya wanawake kigoda chake kikawa hakionekani, na kabla ya mvua za vuli mumewe alimrudisha kwa wazazi wake. Nami nilikuwa ndani ya gauni jeupe, nikafungwa mkufu huo huo, nikatabasamu. Nilikuwa na darasa la kumi kichwani na sikufungua mdomo.

Basi Jumapili ile mchungaji aliposoma tangazo la kwanza la ndoa ya wifi yangu, moyo ulinipasuka kabla hajamaliza majina. Nilirudi nyumbani mbio, nikapanda darini, nikalitoa kopo. Kopo la biskuti, ndani pamba, juu ya jiko tunalopikia kila siku. Nilifunua.

Mkufu ulikuwa kama meno ya mvuta tumbaku.

Si upande wa nyuma tu. Wote. Rangi ya maziwa yaliyolala, na juu yake utando, kama pumzi kwenye kioo isiyotaka kuondoka. Nilikaa sakafuni, mwanangu wa miezi tisa ananivuta nywele, nikawaza: mume wangu yuko Tanga bandarini, mwezi wa tano huu hajaja. Nani atanitetea? Wakiutazama huu dirishani, wataanza kuhesabu na miezi ya mtoto.

Wiki tatu. Ndizo nilizokuwa nazo.

Nitasema ukweli kuhusu kosa la kwanza, kwa sababu lilikuwa langu, si la shangazi. Mimi msomi, kitu kikichafuka kinaoshwa. Jumatatu wote walipokwenda shamba nilichota maji ya moto, nikakata kipande cha sabuni ya mche, ile tunayofulia, nikautumbukiza mkufu mzima kwenye bakuli. Nikauacha humo hadi uji ukaiva na mtoto akala. Kisha nikautundika kwenye msumari wa dirisha ukauke, kama soksi.

Nilirudi kuutazama. Lulu zilikuwa zimepata weupe wa unga, si mng'ao, weupe wa sabuni iliyokaukia. Na uzi! Mkufu ule umefungwa fundo dogo kati ya kila punje na punje. Asubuhi mafundo yalikuwa yamekaza. Sasa mkufu umejivuta kwa uzito wake wenyewe, na karibu na kifungo niliona uzi mtupu, kipande cha upana wa punje ya mtama. Nilisogeza lulu moja kwa ukucha. Ikatembea.

Nililia, ndiyo. Kwa hasira zaidi ya huzuni. Nilijikasirikia, nikalikasirikia kopo, nikamkasirikia Mzungu aliyeleta kitu chake cha baharini kwenye mlima huu akatuachia na hakutuachia maneno ya kukitunza.

Kesho yake shangazi akaja. Hakubisha hodi, yeye habishi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kopo liko wapi?"

"Lipo darini."

"Lilete. Nasikia unapanda darini mara nyingi siku hizi."

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Nilileta kopo kwa sababu sikuwa na la kufanya. Shangazi alifunua, akatazama, akanitazama mimi, akamtazama mtoto muda mrefu.

"Haya," alisema taratibu. "Haya, mke wa mwanetu."

"Ni moshi, shangazi. Jiko liko chini ya dari."

"Moshi ulikuwapo hata kwa wengine." Akafungua kitambaa chake, akatoa malimau mawili na majivu yaliyokung'utwa vizuri. "Mimi sina ubaya na wewe. Nataka mtoto wa kaka yangu aolewe bila maneno. Tunausugua kama sufuria, unatakata, tunanyamaza. Yaliyo ndani ya kifua chako utayajua na Mungu wako."

Alikuwa ananisaidia, mnaelewa? Alikuwa ananihukumu na kunisaidia kwa mkono mmoja. Na alikwisha kukata limau.

Nikamnyang'anya mkufu. Sijawahi kumnyang'anya mkubwa kitu maishani mwangu.

"Una wazimu?" alisema.

"Ngoja. Ngoja, shangazi, nipe dakika moja tu."

Shuleni mwalimu wa sayansi, Mwingereza mwenye miguu myembamba, alitufundisha kwa siki na ganda la yai. Nilikwenda jalalani, nikaokota ganda la yai la asubuhi, nikaliweka kwenye kikombe, nikalikamulia limau lake. Tukainama wote watatu. Ganda likaanza kutoa mapovu madogo madogo, kama linachemka bila moto.

"Limau linalila," nilisema. "Lulu ni ndugu wa ganda hili. Inatoka ndani ya chaza, na chaza ni ganda. Ukiipaka limau, linaula ule ung'aavu wa juu, na ukishaondoka haurudi. Majivu nayo yanachuna. Utapata shanga nyeupe za chokaa, shangazi, na lulu hutakuwa nayo tena."

Shangazi alitazama mapovu. Mama mkwe akatia kidole kwenye kikombe, akalibonyeza ganda, akasema kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo: "Limelainika."

"Basi sema wewe dawa yake," shangazi alinijibu, "maana umesoma."

Sikuwa nayo. Hilo ndilo lililoniuma. Nilijua kitakachouua mkufu, sikujua kitakachouponya.

"Nitaijua," nilisema.

"Jumamosi ya harusi tutaiona," alisema, akachukua malimau yake.

Alfajiri ya Jumatano niliteremka Same na mtoto mgongoni, mkufu umefungwa kwenye leso kifuani. Mume wangu alipokuwa karani pale tulipanga chumba nyuma ya duka la Mhindi mmoja, na mkewe tulikuwa tunapeana pilipili juu ya ukuta. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, na harusini kwao nilimwona amevaa lulu mistari mitatu. Nilitembea ile njia ya mawe saa nne nzima nikisema neno moja tu moyoni: awepo, awepo, awepo.

Alikuwepo. Alinikalisha nyuma ya magunia ya mchele, akampa mtoto kipande cha sukari guru, akaufungua mkufu juu ya kanga iliyokunjwa. Hakuunyanyua kwa upande mmoja. Aliutelezesha juu ya viganja viwili, kama anabeba kifaranga.

"Nani alitia hii majini?"

"Mimi."

"Nani alitundika?"

"Mimi."

"Mama yangu angekupiga." Alicheka, mimi sikucheka, akaacha kucheka. "Sikiliza. Uzi hii ni hariri. Ikinywa maji inavimba, ukitundika inarefuka, halafu uchafu inaingia ndani ya tundu inakaa. Kila fundo inalegea. Lakini," alisogeza punje moja moja karibu na kifungo, akaukagua uzi kwa jicho moja, "haijachanika. Hakuna nyuzi imesimama. Iko hai. Usikate, usifunge tena, wiki mbili haitoshi na hapa Same nani ana hariri nzuri? Iache. Isipate maji tena, isining'inie tena."

"Na hii rangi?"

Akanusa lulu. Kweli, alizinusa. "Siku ya harusi ulipaka nini?"

Nilifikiri. "Mafuta ya nazi. Na marashi."

"Halafu jasho. Halafu ukavua, ukatia kwenye kopo bila kufuta. Miaka ngapi?"

"Karibu miwili."

"Juu ya hiyo, moshi. Juu ya hiyo, sabuni ya kufulia." Alihesabu kwa vidole vinene. "Hii siyo lulu imekufa. Hii lulu imevaa koti."

Akanionyesha. Kitambaa laini, chakavu, cha pamba, kilichofuliwa mara nyingi hadi kikasahau kuwa kitambaa. Maji ya vuguvugu kwenye kisahani. Alikwangua sabuni nyeupe ya kuogea, chembe kama ukucha wa mtoto, ikayeyuka. Akachovya pembe ya kitambaa, akaikamua mpaka hata tone lisitoke. Kisha punje moja: anaizungusha ndani ya kitambaa kwa kidole gumba, hagusi fundo. Punje nyingine. Baadaye pembe ya pili ya kitambaa, maji matupu, iliyokamuliwa vile vile, kuondoa sabuni. Baadaye kitambaa kikavu. Halafu mkufu unalazwa, umenyooka, juu ya taulo kivulini, si juani, siku nzima, hadi uzi uwe mkavu kabisa. Kitambaa chake kikawa na mistari ya kahawia. Punje tano alizozifuta zikatoka na kitu ndani, mwanga mdogo usio mweupe wala wa waridi. Nilishika mdomo.

"Bado," alisema. "Koti imetoka, lakini ngozi imekauka. Lulu inataka mtu. Vaa. Kila siku, kwenye ngozi, siyo juu ya nguo. Paka mafuta yako kwanza mwilini, siyo shingoni, halafu vaa mwisho. Jioni vua, futa, laza. Mimi mvua, jua, mimi navaa."

"Siruhusiwi kuvaa," nilisema.

Alinitazama kama nimesema siruhusiwi kunywa maji.

Niliporudi mlimani nilimaliza kuzifuta zile arobaini na nane, nikazilaza. Baada ya siku mbili uzi ulipokauka ulijikusanya kidogo. Ile nafasi karibu na kifungo ikapungua, haikuisha. Kisha nikafanya nilichokatazwa. Nikaufunga mkufu shingoni, nikavaa gauni la mikono mirefu lenye kola, na juu yake kanga nimeikaza hadi kidevuni.

Kama mnataka kujua hofu ni nini, beba kitu cha ukoo mzima shingoni, chenye uzi uliolegea, huku unanyonyesha mtoto anayeshika kila kinachoning'inia. Nilikuwa namshika mikono yote miwili kwa mkono wangu mmoja, analia, anadhani namwadhibu. Nikitwanga, natwanga kwa mkono wa kulia na wa kushoto uko kifuani. Nikiinama bombani kuchota maji nahisi punje zinatembea chini ya nguo, nasimama ghafla, nahesabu kwa kidole kupitia kitambaa. Wanawake wakaanza kuuliza kama naumwa koo. Nikasema ndiyo, naumwa koo. Mama mkwe akanichemshia majani machungu, nikayanywa siku nne kwa ajili ya koo lisilouma.

Jioni, mtoto akilala, navua, nafuta, nalaza. Na kila jioni nautazama. Siku ya tatu sikuona kitu. Siku ya sita nikadhani najidanganya. Siku ya tisa niliuweka mkavu penye mwanga wa mlango, na punje zikanionyesha umbo la mlango, kila punje na mlango wake mdogo, kingo zake laini. Haukuwa mpya. Rangi ya maziwa ilibaki, hiyo ni rangi ya umri. Lakini ulikuwa hai.

Siku ya kumi nilikamatwa. Nilikuwa nimekaa barazani namnyonyesha mtoto, nimechoka, nikasinzia kidogo tu. Niliposhtuka, ngumi yake ilikuwa imetoka ndani ya gauni, na ndani ya ngumi kulikuwa na mkufu, umevutwa kama kamba ya mbuzi. Mbele yangu amesimama mama mkwe na jembe begani.

Sikuthubutu kuvuta. Nilianza kumfungua vidole, kimoja, cha pili. Mama mkwe aliweka jembe chini, akapiga magoti, akambana mtoto pua kwa vidole viwili. Mtoto akashangaa, akafumbua mkono. Tukabaki tumeushika mkufu wote wawili. Haukukatika.

Kisha akaniuliza, taratibu sana, hilo ndilo linalonichoma mpaka leo: "Unamvalia nani?"

Sikumwelewa.

"Mume wako yuko Tanga. Umefunga kanga hadi masikioni wiki nzima. Chini yake umejipamba. Unamvalia nani, mwanangu?"

"Mama!" Nilipiga kelele. Kelele kabisa, kuku wakakimbia. "Nani? Nani katika huu mlima? Nanuka maziwa na moshi, sijalala tangu mtoto huyu azaliwe, na wewe unadhani najipamba? Navalia lulu zenyewe! Zinakufa kwenye kopo! Mwaka huu mtanirudisha kwetu kwa ajili ya sabuni na moshi, kama mlivyomrudisha yule, naye hakufanya kitu. Hakufanya kitu, mama. Alifuata sheria tu, akaufungia!"

Aliuchukua mkufu juu ya viganja viwili, bila kufundishwa, akauinua karibu na macho yake yanayoanza kuingia ukungu. Aliutazama kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inatembea, nadhani alikuwa anataja jina la yule aliyerudishwa. Walikuwa wanalima shamba moja.

"Kitambaa kiko wapi?" alisema mwisho.

Nikampa. Akafuta mate ya mwanangu, punje kwa punje, hakugusa fundo hata moja. Akanifunga mwenyewe shingoni, akanivuta kola.

"Mimi sijaona," alisema. "Na yale majani, acha kunywa."

Jumamosi ikafika. Chumba kilijaa wanawake hadi mlangoni, wifi yangu amekaa katikati ndani ya gauni jeupe, shingo tupu, anatoka jasho. Nilitoa mkufu kwenye kopo nililoutia asubuhi ile ile. Shangazi akaenda nao dirishani. Nilisikia mtoto wangu ananyonya kidole.

"Unang'aa," shangazi alisema. Kisha kwa sauti: "Unang'aa! Ameutunza. Mke wetu ni msafi."

Vigelegele vikapigwa. Wakanishika mabega, wakanibusu. Nilitakiwa kutabasamu. Nilikuwa nimeokoka, ningeweza kunyamaza, nikaenda zangu kanisani. Lakini kila mkono ulioniwekea baraka niliuona umempisha mwenzangu bombani.

"Mimi si msafi kwa sababu ya huo," nilisema. "Ulikuwa umefifia, shangazi, uliuona mwenyewe. Nimeufuta na kuuvaa. Siku kumi na mbili nimeuvaa."

Vigelegele vikakatika kama vimefungiwa mlango. Mtu mmoja nyuma akasema, "Yesu wangu."

"Umevaa," shangazi alirudia. "Umevunja sheria na unasema mbele yangu."

"Nilimwona mimi," mama mkwe alisema kutoka kwenye kona yake. "Na nikamfunga mimi. Kama ni kosa, tuko wawili."

Shangazi akageuka kumtazama. Nikaona ni hapo, au basi tena.

"Shangazi, yule mama wa kizungu aliuvaa lini?"

"Lini nini?"

"Ulikaa kwake miaka. Aliuvaa harusini tu?"

Alifungua mdomo. "Kila siku," alisema. Alikuwa mkali lakini hakuwa mwongo, hilo namkubalia. "Hata akipalilia maua yake aliuvaa."

"Ukawa unang'aa?"

Aliuangalia mkufu kiganjani mwake, kisha akatazama wanawake, kisha ukuta. Alionekana mzee ghafla, na mimi, ambaye wiki tatu nilitamani kumwona hivyo, sikupata raha yoyote. Nje kengele ya kanisa ikaanza kulia.

"Jamani," wifi alisema, "nifungieni basi. Mtagombana nikishaolewa."

Shangazi alimfunga. Vidole vyake vilitafuta kifungo mara tatu. Hakunitazama, na mpaka leo salamu yake kwangu ni fupi. Baadhi ya wanawake wanasema nimeharibu mila. Wengine wamekuja kwangu jioni kwa mlango wa nyuma kuuliza. Aliyerudishwa bado yuko kwao, na hakuna aliyekwenda kumwomba radhi zaidi ya mimi na mama mkwe, na alitufungia mlango, na alikuwa na haki.

Lakini siku ile, tulipokuwa tunapanda kwenda kanisani, nimeshika ncha ya shela, wifi alipunguza mwendo hadi nikamfikia. Hakugeuza kichwa, watu walikuwa wanatazama.

"Wifi," alinong'ona, "nikitoka jasho humo ndani?"

"Toka tu. Ukirudi, kitambaa chenye unyevu kidogo, halafu kikavu."

"Na nikimaliza nautundika?"

"Unaulaza."

Akaitikia kwa kichwa, kidogo, ili mkufu usiyumbe, akaingia.